Wembe Asiyeguswa

"Usiniambie habari ya maji, mimi! Maji yametoka lini kwangu yakaja kwako? Wewe ndiye uliyehamisha mtaro!"

"Mama, mtaro umekuwa hapo tangu tuhamie. Nguo zako ndizo zinazodondokea kwangu."

"Zidondoke! Angalau zinadondoka mchana kweupe. Mimi simdondoshi mtu kisirisiri."

Hapo Mama Pacha alijua kwamba habari ya maji imekwisha. Walikuwa wamesimama yeye upande huu wa ukuta, Nesi upande ule, na ukuta wenyewe unafika kifuani tu, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa unapata matangazo bila kununua redio. Jumapili saa nne asubuhi, watu wamejaa vibarazani. Mke wa fundi baiskeli alikuwa anapepeta mchele uliokwisha pepetwa tangu jana, ili tu asikose neno.

Nesi alikuwa amestaafu wodi ya akina mama miaka sita iliyopita, lakini sauti ya kuamrisha haikustaafu. Aliegemeza viwiko juu ya ukuta.

"Mwanangu anatapika kila Jumatatu asubuhi. Unajua hilo? Nikadhani ana mimba. Nikampima, mimi mwenyewe. Hana mimba. Ana kazi."

"Mama, tuingie ndani tuzungumze."

"Nizungumzie ndani kwa sababu gani? Wewe si ndiye msimamizi wake? Si ndiye uliyemtoa meza ya kukatia ukamweka kwenye vifungo, kama mtoto aliyevunja sahani? Miaka minne anakata! Yule Wembe wenu kamharibia, halafu ukamwadhibu nani? Aliyeharibiwa!"

Ugomvi una sheria zake, na ya kwanza ni kwamba huwezi kushindana na mtu anayesema kweli.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa cha kutisha. Ukumbi mmoja mrefu wenye paa la mabati, vyerehani ishirini na viwili, meza ya pasi, meza ya vifungo karibu na mlango, na mwisho kabisa, chini ya taa nne, meza ya kukatia. Walishona sare za shule. Msimu wa shule kufunguliwa, hata paka wa kiwandani hakuwa analala. Mwenye mali walizoea kumwita Mwenyewe, hata mke wake alipopiga simu aliuliza, "Mwenyewe yupo?"

Na mkataji mkuu alikuwa Wembe.

Tuseme kweli, maana hata adui hunyimwa chakula, hanyimwi haki: Wembe alikuwa na mkono. Aliangalia jora la kitambaa, akazungusha vipande vya karatasi ngumu juu yake, kaptura hapa, kola pale, mfuko kwenye kijinafasi ambacho mwingine angekitupa, mpaka ukashangaa kitambaa kimetosha vipi. Alitandaza tabaka sitini, akapitisha mashine ya kukata mara moja, na tabaka la juu likalingana na la chini kama pacha wa Mama Pacha. Tangu aje, hakuna oda iliyochelewa. Kabla yake, Mwenyewe alikuwa anajificha chooni wakuu wa shule wakija.

Ila mdomo! Mzee wa pasi alimwita "babu joto". Mama wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, aliambiwa mbele ya wote kwamba ndiyo maana mishono yake inachechemea. Na ukumbi ulicheka. Watu walicheka kwa sababu Wembe ndiye aliyegawa mabunda ya vipande vilivyokatwa. Ukimnunia, utapata kola za kona kali wiki nzima, na mwenzako anayecheka apate mapindo ya sketi, kazi ya haraka. Kwa watu wanaolipwa kwa kipande, kicheko ni sehemu ya zana.

Mama Pacha naye alikuwa amecheka. Siku ile ya mishono inayochechemea, alicheka. Kidogo tu, puani, lakini mama wa ovaloki aligeuka akamwona.

Chaki, binti wa Nesi, alikuwa msaidizi wa meza ya kukatia. Jina alilipata kwa vidole vyake, ambavyo hata siku ya harusi yake vilikuwa na vumbi jeupe kwenye kucha. Mtu wa maneno machache, mkono wake unatulia mwaka hadi mwaka. Wateja wawili walikuwa wameanza kusema, "Safari ile alikata yule dada, ilikuwa safi." Walilisema Wembe akiwa amesimama palepale. Basi.

Alhamisi ya wiki iliyopita Chaki alipewa oda yake ya kwanza peke yake: sketi za shule moja ya wasichana. Majora yakipokelewa, kila moja huwa na kikaratasi kinachosema urefu na upana, na kazi ya Wembe ilikuwa kuvitoa na kuvitia kwenye kopo la meza, ili anayetandaza ajue. Chaki akasoma vya kopo, vyote upana mmoja, akapanga vipande vyake, akatandaza, akakata. Kumbe majora matatu yalikuwa membamba kwa sentimita tatu, na yalikaa katikati ya tabaka ambako jicho haliyaoni ukisimama upande wa ukingo ulionyooshwa. Sketi sitini zikatoka na kipande cha pembeni kimepungua.

Wembe alikiinua kipande kimoja juu ya kichwa chake kama bendera. "Jamani! Njooni muone! Dada yetu kagundua sketi ya mguu mmoja! Mama ovaloki, yako hii!"

Kisha, na hapa ndipo ulipo utamu wake na uchungu wake, akakunja mikono ya shati, akavipanga upya vipande vyote sitini, akavikata kuwa saizi ya watoto wadogo zaidi waliokuwa kwenye orodha ileile, na saa kumi na moja jioni hapakuwa na hasara hata ya kitambaa cha kufutia pua. Mwenyewe alimpiga bega mbele ya ukumbi wote. Chaki alikuwa amesimama karibu na ukuta, anafuta chaki kwenye vidole, chaki haitoki.

Mama Pacha aliuliza swali moja tu. "Wembe, vikaratasi vya majora yale matatu viko wapi?"

Wembe akatia mkono mfukoni bila hata kupepesa, akavitoa vyote vitatu. "Hivi hapa, dada mkubwa."

"Mbona havikuwa kwenye kopo?"

"Hakuniuliza. Mkataji hapimi kwa kopo, anapima kwa futi. Mimi nimemfundisha leo somo ambalo wewe hukumfundisha miaka minne."

Na hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake, kama uongo wote mzuri. Kesho yake Mama Pacha akafanya lile lililomfikisha ukutani: akamhamishia Chaki kwenye vifungo. "Kwa muda tu, mdogo wangu, upumue, uwe mbali naye." Alidhani anamfunika mwavuli. Ukumbi ulisoma vingine. Kufikia saa sita mchana hata mlinzi wa geti alijua kwamba Chaki ameharibu na ameshushwa, na Wembe alipita mezani kwake akimwambia, "Hongera kwa kazi mpya, vifungo havina upana."

"Nitalirekebisha," Mama Pacha alimwambia Nesi juu ya ukuta. "Kesho namrudisha mezani pake. Na Wembe nitamchukulia hatua."

"Hatua!" Nesi alisema. "Mtoto wangu akiacha kazi ile, hapa mjini hakuna meza nyingine ya kukatia yenye nafasi. Atarudi kupinda suruali za watu mlangoni. Hiyo hatua yako ina miguu?"

Jumatatu Mama Pacha alifika kabla ya mlinzi kumaliza chai. Alikuwa na daftari la mazoezi la mmoja wa pacha, kurasa za mwisho, na humo ameandika kila kitu alichoweza kukumbuka na kukihakikisha: siku, maneno yenyewe, nani alikuwepo, kazi iliathirika vipi. Vikaratasi vitatu amevibana na pini. Na majina ya watatu walioondoka mwaka ule, ambao wote waliaga wakisema "mambo ya familia", na wote walikuwa wamekaa karibu na meza ya kukatia.

Alimrudisha Chaki mezani, mbele ya ukumbi. "Nilikosea kumhamisha. Kosa la Alhamisi lilianza kwenye vikaratasi. Lilikuwa kosa la utaratibu, na utaratibu ni mimi." Akasema kuanzia leo kila jora litapimwa na watu wawili, na mabunda atayagawa yeye mwenyewe, kwa zamu. Chaki alitembea kutoka mlangoni hadi mwisho wa ukumbi, safari ya hatua arobaini, akasimama mahali pake.

Kisha Mama Pacha akawafuata mashahidi. Mzee wa pasi alisema, "Mwanangu, mimi nimebakiza miaka miwili. Niache na joto langu." Mama wa ovaloki alisoma ukurasa wake wote, polepole, akarudisha daftari.

"Ni kweli tupu. Ila sitii saini."

"Kwa nini, dada?"

"Maana wewe leo unagawa mabunda. Mwezi ujao nani atagawa?" Akakanyaga cherehani chake. Kisha akainua mguu. "Na siku ile ulicheka."

Mwenyewe alimsikiliza Mama Pacha hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaisugua kwenye tai. Daftari akalisoma, hata ukurasa wa vikaratasi akaurudia mara mbili.

"Hili baya," alisema. "Hili baya sana. Angeweza kunipotezea oda."

"Ndiyo. Watatu wameondoka, na kila mmoja tulimfundisha miezi minne. Sisemi tumfukuze leo. Nasema aitwe, aambiwe waziwazi matendo gani ayaache, apewe barua ya onyo yenye tarehe ya kuangaliwa tena, na uisaini wewe. Nikiisaini mimi peke yangu, ni karatasi tu."

"Mama Pacha, una akili." Akavaa miwani. "Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Tumeubusu miaka mitatu, bosi. Umeota kucha."

Mwenyewe akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. Akakubali Wembe aitwe. Barua akasema iandikwe, ataisaini, lakini baada ya oda ya shule za serikali, sketi na kaptura elfu nne, wiki tatu tu zimebaki. "Nikimchokoza sasa akahamia kwa yule jamaa wa kiwanda cha ng'ambo ya barabara, anayemmezea mate, tutashona kwa meno."

Wakamwita. Wembe alikaa kwenye kiti akiwa amekunja miguu, safi, ananukia sabuni. Mama Pacha alimsomea mambo manne, bila kumwita mbaya, kama alivyojifundisha mbele ya kioo: kudhihaki maumbile ya wenzake, kuinua kosa la mtu mbele ya ukumbi, kuficha vikaratasi, kugawa mabunda kwa upendeleo.

"Mkono wako hakuna anayeubishia," alimwambia. "Lakini kazi yako si kukata tu. Ni kukata pamoja na watu. Ukiona kosa, mwambie mwenzako pembeni, mapema, kabla mashine haijawashwa."

Wembe alimtazama Mwenyewe. "Bosi, nimechelewesha oda yoyote?"

"Hapana, hapana."

"Nimepoteza kitambaa?"

"Hapana."

"Basi nimesikia, dada mkubwa. Mimi ni mtu wa utani. Kama utani umekuwa sumu, nitafunga mdomo."

Na akaufunga kweli. Mama Pacha hakujua bado kwamba amemwaga maji kwenye mafuta ya moto.

Siku ya kwanza Wembe hakumtania mtu. Siku ya pili pia. Ukumbi ukaanza kupumua. Mama Pacha akarudi nyumbani akamwambia Baba Pacha, "Unajua, labda..." Baba Pacha akasema, "Usimalize. Utajilaani."

Siku ya tatu Mama Pacha alikaa karibu na meza ya kukatia akijifanya anahesabu kola. Wembe alikuwa anamsomea Chaki vipimo. "Sen-ti-mi-ta," alisema, polepole, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "A-ro-ba-i-ni. Umeipata? Nirudie? Sitaki baadaye isemwe sikusema." Kila jora. Kila kikaratasi alikiinua mbele ya macho yake. "Hiki hapa. Umekiona? Sema nimekiona." Na Chaki akasema, "Nimekiona." Mara thelathini kwa siku. Kwenye chai, Wembe aliinuka Chaki alipokaa, akaomba radhi kwa adabu kubwa: "Nisije nikasema neno, dada, nikaandikwa." Na wengine, wakijua aliyemponza mkataji wao ni nani, wakasogea na vikombe vyao kidogo kidogo, hivi kwamba hakuna aliyeonekana akihama, lakini benchi likabaki tupu.

Utaandika nini hapo? Mama Pacha alifungua daftari jioni ile, kalamu mkononi. *Alitamka vipimo polepole. Aliomba radhi.* Akakisoma alichoandika. Hata yeye, aliyeona, asingemwadhibu mtu kwa maneno yale. Alimwita Wembe pembeni, akamwambia analiona analofanya, na kwamba kumdhalilisha mtu kwa adabu bado ni kumdhalilisha. Wembe akafungua macho. "Mlisema nimwambie mapema, kabla mashine haijawashwa. Namwambia. Sasa niseme vipi, dada mkubwa? Niandikie, niwe nasoma."

Mama Pacha alimwambia Chaki avumilie, barua inakuja. Alisikia mdomo wake ukisema neno lile, *avumilie*, na akatamani kulirudisha.

"Mimi sina neno, mama," Chaki alisema. "Ila mkono umeanza kutetemeka nikishika mashine. Ile ni kisu."

Oda ya serikali ilitoka siku mbili kabla ya tarehe. Lori lilipakiwa Ijumaa mchana, na Mwenyewe alinunua soda kreti tatu, akasimama juu ya benchi, akamshukuru kila mtu, na wa mwisho, kwa jina lake halisi ambalo wengi walikuwa hawalijui, akamshukuru Wembe, akamtangaza kuwa mkuu wa idara yote ya ukataji. Makofi yalipigwa. Mama wa ovaloki alipiga makofi huku akimtazama Mama Pacha moja kwa moja, wala si kwa ubaya. Kama mtu anayemwonyesha mwenzake saa: ule mwezi ujao umefika.

Mama Pacha alimfuata Mwenyewe ofisini, barua mkononi, imechapwa, nafasi ya saini imeachwa.

"Leo?" Mwenyewe alisema. "Leo leo hii, Mama Pacha? Ametoka kunivusha."

"Ulisema baada ya oda."

"Nilisema. Na nitasaini. Tuache msimu upite." Akaipokea barua kwa mikono miwili, kwa heshima, akaitia kwenye droo, juu ya barua nyingine ambazo Mama Pacha hakupata kuziona zilihusu nini. "Yule jamaa wa ng'ambo alimpigia simu jana. Wembe kaniambia mwenyewe. Unadhani ningefanya nini? Niambie wewe, ungefanya nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Macho yake yalikuwa yamechoka. Mama Pacha alijua jibu, na alijua pia kwamba jibu lile lingegharimu vyerehani ishirini na viwili miezi miwili mibovu, labda mitatu, na kwamba si yeye atakayewaambia wafanyakazi warudi nyumbani.

"Ningeanza kumfundisha mwingine mapema," alisema, "mwaka jana."

"Basi ndiyo hivyo," Mwenyewe alisema, "mwaka jana."

Jumamosi wanafanya kazi nusu siku. Chaki hakuja. Juu ya meza ya kukatia, upande wake, palikuwa na futi iliyokunjwa vizuri na karatasi ya mistari mitatu, akishukuru kwa miaka minne na kuaga kwa sababu za kifamilia. Wembe aliisoma kabla ya Mama Pacha kufika. Akamkabidhi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Alikuwa na mkono, yule," alisema. "Angekuwa mzuri." Akawasha mashine.

Saa saba mchana Mama Pacha alipita mlango wa nyumba yake bila kuingia, akazunguka, akagonga kwa Nesi. Njia nzima alikuwa anatunga maneno. Yote yalianza na "nilijaribu", na yote aliyatupa njiani. Vibaraza vilikuwa vimejaa. Mke wa fundi baiskeli alikuwa na ungo wake.

Nesi alifungua. Nyuma yake, sebuleni, Chaki alikuwa amekaa sakafuni na wajukuu, na shangazi wawili, na jirani wa upande wa pili, nyumba imejaa kama msiba au harusi. Mapajani Chaki alikuwa ameweka suruali ya mtu, anaipinda miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja..." Akasimama. "Barua haikusainiwa. Na haitasainiwa. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usisikie kwa watu."

Alingoja sauti ile ya wodini imshukie. Alikuwa ameitaka, njia nzima, ingekuwa afadhali. Nesi alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kama anavyotazamwa mtu aliyeletwa usiku na jamaa wasiojua waseme nini.

"Jumatatu utarudi kule?"

"Nitarudi. Nina pacha."

"Najua unao pacha, nimekuzalisha mimi." Nesi akashusha pumzi. Chaki alikuwa amenyanyua uso kutoka kwenye suruali. Hakutabasamu wala hakununa, alisogea tu, akamvuta mtoto mmoja kwapani, mkekani pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Umekula?" Nesi aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi usinisimamie mlangoni watu wakahesabu meno yako. Vua viatu, nawa mikono, ingia ule."